Kidevu cha pili: sindano, kunyonya mafuta, na uvimbe unaotisha watu siku ya pili

Binti wa jirani yangu hapa Ligula alinigongea mlango asubuhi ya Jumatatu akiwa amejitanda mtandio mpaka puani. Jumamosi alichomwa sindano za kupunguza mafuta ya kidevu Dar es Salaam, Jumapili akapanda basi kurudi Mtwara. "Shikamoo mama mdogo," akasema, "naomba uniangalie, nimeharibika." Alipofunua mtandio niliona alichokuwa anakificha. Chini ya taya palikuwa pamejaa kutoka sikio hadi sikio, shingo haionekani ilikoanzia, kama koo la chura anapolia. Wenzake wa saluni walishamwambia ni sumu imeingia, akakandwe kwa maji ya moto kabla haijashuka moyoni.

Nimefanya kazi ya uuguzi chumba cha upasuaji kwa miaka mingi, kwa hiyo sikuanza na uvimbe wenyewe. Nilimpa glasi ya maji anywe mbele yangu, yakapita vizuri. Nikamwambia ahesabu hadi ishirini kwa sauti bila kuvuta pumzi katikati, akahesabu. Nikamwambia anionyeshe meno ya chini, mdomo ukashuka sawasawa pande zote mbili. Mwishowe nikamsogeza dirishani nikaitazama ngozi: ilikuwa na alama za kuvia damu, imevutika, ina joto kidogo, lakini hapakuwa na doa la kijivu wala jeusi wala lengelenge. Nikamwambia alikuwa siku ya pili, na siku ya pili ndivyo inavyokuwa. Arudi nyumbani, alalie mito miwili, aweke kitambaa chenye barafu kwa dakika kumi kumi, na maji ya moto asiyaguse.

Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali hayo hayo na watu wengi, hasa miezi hii korosho inapouzwa na kadi za harusi kuanza kugawiwa. Wengine wanadhani sindano na kunyonya mafuta ni kitu kimoja chenye bei mbili. Sivyo, na tofauti yake inaonekana zaidi kwenye namna uvimbe unavyokuja na kuondoka.

Kwanza tujue tunazungumzia mafuta gani. Chini ya ngozi ya kidevu kuna tabaka la mafuta. Chini ya mafuta hayo kuna msuli mwembamba na mpana kama khanga iliyotandazwa, unaoanzia kifuani na kupanda hadi tayani, unaoitwa platisma. Ndio ule unaotoa mistari shingoni mtu akikaza uso kwa nguvu. Chini ya msuli huo kuna mafuta mengine, ya ndani. Sindano hushughulikia mafuta ya juu ya msuli tu. Mrija wa kunyonya nao, kwa upasuaji wa kawaida, hufanya kazi kwenye tabaka hilo hilo la juu. Mtu ambaye ujazo wake uko chini ya platisma anaweza kumaliza awamu sita za sindano na akabaki vilevile.

Kujipima ni rahisi. Kaa mbele ya kioo, finya kwa vidole viwili nyama iliyo chini ya kidevu, kisha kaza shingo kwa kuvuta pembe za mdomo chini. Kama ulichofinya kinabaki vidoleni, laini na kinene, hayo ni mafuta ya juu. Kama kinateleza na kupotea ndani msuli unapokaza, sehemu kubwa iko chini ya msuli. Na kama ulichoshika ni ngozi tupu inayoning'inia, hapo tatizo ni ngozi, na si sindano wala mrija utakaoiondoa.

Kipimo kingine, ambacho kwa maoni yangu kingetangulia vyote, ni cha maji. Meza funda moja huku ukitazama shingo yako kiooni. Uvimbe ulio mbele ya shingo, chini kidogo, ukipanda na kushuka pamoja na kumeza, hayo si mafuta. Ni tezi la shingo, yaani rovu, na linahitaji vipimo vya hospitali. Sisi wa pwani ya kusini tunakula chumvi iliyovunwa kwenye mashamba yetu ya chumvi, na ambayo haikuongezwa madini joto bado inafika jikoni, kwa hiyo rovu si jambo la kulipita haraka. Uvimbe mgumu wa upande mmoja unaweza kuwa mtoki au tezi la mate. Wapo pia waliozaliwa na kidevu kilichorudi nyuma, na shingo zao huonekana nene hata wakiwa wembamba. Hao wote wakichomwa sindano wanatibiwa kitu wasichonacho.

Sasa sindano. Dawa iliyothibitishwa kwa kazi hii ni asidi ya deoksikoliki. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha mwaka 2015 kwa mafuta ya chini ya kidevu kwa watu wazima. Asidi hiyo si kitu kigeni mwilini: ni miongoni mwa viambato vya nyongo, na kazi yake tumboni ni kuvunjavunja mafuta ya chakula ili yaweze kusagwa. Fikiria sufuria uliyopikia pilau. Maji matupu huteleza juu ya mafuta, ukitia sabuni mafuta yanaachia. Ikichomwa kwenye mafuta ya kidevu, asidi hii inapasua ukuta wa seli za mafuta kama sabuni inavyoachanisha ule ukoko wa mafuta. Seli iliyopasuka haijirekebishi.

Lakini sabuni haichagui, na hapo ndipo ujuzi wa mchomaji unapohitajika. Tishu zenye protini nyingi, kama msuli, hupunguza makali ya dawa hii kwa kiasi fulani, ndiyo maana inaumiza mafuta zaidi kuliko vingine. Hata hivyo, ikichomwa juujuu inaunguza ngozi. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua mafuta ya ganda yanavyofanya vidole: kwanza panawasha, baadaye ngozi inakuwa nyeusi na kubanduka. Kidonda cha dawa iliyokaa juu mno kinafanana na hicho, ila hiki kipo usoni. Ikichomwa karibu mno na mfupa wa taya, inaweza kuugusa mshipa wa fahamu unaoshusha mdomo wa chini, na mtu akitabasamu upande mmoja unabaki juu. Kwenye majaribio ya dawa hiyo jambo hili liliwapata takribani watu 4 kwa kila 100, nao walirudi kawaida, wengi baada ya wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo mchomaji anayejua kazi huchora kwanza mstari wa taya kwa kalamu, akaacha nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu chini yake asiyoigusa, kisha akaweka nukta zilizoachana sentimita moja. Kila nukta hupata mililita 0.2. Mtu asiyechorwa shingo kabla ya kuchomwa ashuke kitandani.

Yule binti alichorwa. Alikuwa na nukta 30, yaani mililita 6, chupa tatu ndogo za mililita 2. Kiwango cha juu kwa siku moja ni nukta 50, mililita 10. Aliniambia dakika kumi za kwanza kulichoma kama pilipili, kisha ganzi ikaja. Ganzi hiyo ilikaa karibu mwezi mzima.

Kwa nini alivimba hivyo? Seli za mafuta zikipasuka, zinamwaga yaliyomo, na mwili unapeleka maji na seli za kinga kuja kusafisha. Ni kama nyumba iliyobomolewa: kabla uwanja haujawa mweupe, kwanza kuna kifusi, na kifusi kinachukua nafasi kubwa kuliko ukuta ulivyokuwa umesimama. Kwa hiyo kwenye sindano, uvimbe ni sehemu ya kazi ya dawa yenyewe. Unaanza ndani ya saa chache, unafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya pili, unaanza kupungua siku ya nne au ya tano, na wengi wanaweza kutembea bila kuulizwa ifikapo mwisho wa wiki ya pili. Kinachobaki ni ugumu wa ndani, kama vipande vya mpira chini ya ngozi, ambavyo huchukua wiki nne au zaidi kulainika. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, maana wiki ya tatu shingo inaonekana kama ilivyokuwa kabla ya kulipa. Mabadiliko huanza kuonekana wiki ya nne hadi ya sita.

Na sindano si ya mara moja. Kati ya awamu na awamu lazima upite mwezi mmoja walau, na mtu anaweza kwenda hadi awamu sita, ingawa wengi huhitaji mbili hadi nne. Kila awamu inakuja na uvimbe wake, japo mara nyingi hupungua kadiri mafuta yanavyopungua.

Kunyonya mafuta ni njia nyingine kabisa. Daktari wa upasuaji hujaza kwanza eneo hilo maji ya chumvi yaliyochanganywa na lidokaini, dawa ya ganzi, na adrenalini, inayobana mishipa ya damu ili damu isitoke nyingi. Kwa kidevu huwa kama mililita 100 hivi. Anasubiri ngozi ifanye weupe, kisha anapitisha mrija mwembamba, wa unene wa milimita mbili au tatu, kwenye tundu dogo chini ya kidevu, mara nyingine na matundu mawili nyuma ya ndewe za masikio. Anausukuma mbele na nyuma huku mashine ikivuta. Kazi huisha ndani ya saa moja, na mafuta yanayotoka mara nyingi hayajazi vikombe viwili vya kahawa ya barazani. Watu hushangaa kuona ni machache, lakini kidevuni hayo ni mengi. Mwenye papara akinyonya yote, ngozi inashikana na msuli, katikati panabonyea na misuli ya pembeni inasimama kama kamba. Daktari mzuri huacha tabaka jembamba makusudi.

Uvimbe wa hapa unatokana na kidonda kupona na mabaki ya yale maji yaliyojazwa. Unapanda siku ya pili na ya tatu, kisha bandeji ya kubana inausaidia kushuka. Bandeji hiyo, mkanda unaozunguka kidevu na utosi, huvaliwa usiku na mchana kwa siku kadhaa za mwanzo, halafu usiku tu kwa wiki moja au mbili kadiri daktari atakavyosema. Joto la Mtwara halipatani nayo hata kidogo, wanawake wengi huivua siku ya tatu kwa sababu ya jasho na vipele, na hilo linaweza kuacha mabonde na vilima. Afadhali uwe na mbili, moja inafuliwa wakati nyingine imevaliwa. Kufikia wiki ya tatu uvimbe mwingi umeondoka na umbo linaonekana. Kisha kuna kipindi cha ugumu, kati ya wiki ya tatu na ya nane, ambapo vidole vinakutana na vinundu. Hivyo ni makovu ya ndani yanayojipanga, hulainika polepole, na umbo la mwisho linakaa kati ya mwezi wa tatu na wa sita.

Kuna jambo kuhusu adrenalini ambalo kwa msafiri wa kusini ni la lazima kulijua. Dawa hiyo hubana mishipa kwa saa chache tu. Ikiisha nguvu, mshipa uliokuwa umefumba unaweza kufunguka na kuvuja, na hilo likitokea hutokea usiku ule wa kwanza. Dalili yake ni uvimbe wa upande mmoja unaokua kwa haraka, mgumu, wenye maumivu yanayozidi, tofauti na uvimbe wa kawaida unaojaa taratibu pande zote. Damu ikijikusanya shingoni inaweza kubana njia ya hewa. Ndiyo maana nikisikia mtu amefanyiwa upasuaji asubuhi na jioni yuko stendi akielekea Mtwara, saa nane na zaidi barabarani, roho inaniruka. Katikati ya safari, Nangurukuru au Somanga, si rahisi kupata kwa haraka chumba cha upasuaji cha kumfungua.

Nani anafaa kwa ipi? Sindano inamfaa mwenye mafuta ya wastani yanayofinyika, ngozi bado inavutika na kurudi, asiyetaka au asiyeweza kuingia chumba cha upasuaji, na mwenye subira ya miezi. Ina faida nyingine kwa ngozi zetu: haiachi tundu la kukatwa. Mtu ambaye kutoboa sikio tu kulimpa keloidi, lile kovu linalokua na kuvuka mipaka ya jeraha, ana sababu ya kufikiri sana kabla ya kukubali kukatwa nyuma ya sikio. Asichomwe mwenye jipu au maambukizi eneo hilo, wala mwenye shida ya kumeza. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Mwanaume ajue pia kwamba ndevu zinaweza kukatika mahali palipochomwa.

Kunyonya kunamfaa mwenye mafuta mengi zaidi, anayetaka kumaliza kwa mara moja, mwenye ngozi imara na afya ya kuhimili upasuaji. Kisukari na presha visivyotulia vitulizwe kwanza. Mama wa miaka 60 ambaye ngozi imeshalegea atapoteza kwa njia zote mbili: ukitoa mafuta yaliyokuwa yanaijaza, ngozi inaning'inia zaidi. Yeye anahitaji upasuaji wa kuinua ngozi ya shingo, au aachane na jambo hilo.

Nirudi kwa binti wetu, maana hesabu yake inafundisha. Harusi ya dada yake ilikuwa tarehe 20 Desemba. Alianza tarehe 5 Julai, akarudi 9 Agosti, na ya tatu 13 Septemba. Wiki kumi na mbili baada ya awamu ya mwisho ndipo matokeo hupimwa kwa haki, na zilitimia tarehe 6 Desemba. Safari tatu za Dar, kila moja na wiki mbili za kujitanda. Mwenzake wa ofisini alichagua kunyonywa. Alienda mara moja, mwanzoni mwa Septemba, akakaa kwa ndugu Temeke siku nane mpaka daktari alipomwona tena, akarudi na bandeji yake. Wote wawili walikuwa tayari Desemba. Angeanza mtu Novemba, kwa njia yoyote, picha za harusi zingemkuta na uvimbe au na ugumu.

Maneno mengine ya mtaani nayajibu kwa haraka. Mafuta yaliyovunjwa hayahamii tumboni wala hayatoki kwa mkojo. Seli za kinga huyabeba na mwili kuyashughulikia kama mafuta mengine yoyote. Seli zilizokufa hazirudi, ila zilizobaki hunenepa ukiongeza uzito, kwa hiyo kidevu kinaweza kujaa tena. Kutafuna ubani kunakuza misuli ya mashavuni, mafuta ya chini ya kidevu hayana habari nayo. Na kukanda kwa maji ya moto siku za mwanzo kunaita damu zaidi mahali palipokwisha kujaa, juu ya ngozi yenye ganzi isiyohisi inapoungua.

Kuna chupa zinazouzwa mitandaoni kwa jina la kuyeyusha mafuta, na saluni nyingine wanazichoma. Hapa sina neno la upole. Mwaka 2023 FDA ilitoa onyo kuhusu sindano za aina hiyo zisizoidhinishwa, baada ya watu kupata maambukizi, makovu, uvimbe wa maji na ngozi kuharibika. Uliza jina la dawa, soma chupa mwenyewe, angalia kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, na uliza kama anayeshika sindano ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayekasirika kuulizwa amekujibu.

Kwa aliyekwisha fanya na yuko nyumbani anajitazama kiooni: uvimbe unaofika kileleni siku ya pili au ya tatu kisha kushuka unajiendea vizuri, hata ukiwa wa kutisha. Uvimbe ulioshuka halafu ukapanda tena baada ya siku ya nne, na maumivu yakaongezeka, na homa, huo una vijidudu. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, tafuta joto kwa mgongo wa mkono ukilinganisha na kifua. Baada ya kunyonywa, uvimbe laini unaocheza kama mfuko wa maji, siku ya tano hadi ya kumi, ni majimaji yaliyojikusanya na daktari huyatoa kwa sindano. Doa la kijivu au jeusi, mdomo uliopinda, maji kukwama kooni, apelekwe Ligula, Sokoine Lindi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana, dakika hiyo hiyo, na aseme wazi alichomwa nini, maana wengi huficha kwa aibu na daktari anaanza kutafuta jino bovu.

Binti alikuja tena wiki ya pili, mtandio ukiwa begani. Akaniomba nimguse chini ya kidevu, nikakuta pale pagumu panapotarajiwa, kama mpira, hana maumivu. "Bado kipo," akasema kwa unyonge. Nikamwambia apige picha ya upande, mbele ya ukuta uleule, kila tarehe tano ya mwezi, na katikati ya hapo asijitazame. Picha ya Oktoba ndiyo ya kwanza aliyonitumia bila kuandika neno.